Kaachwa jana, leo moyo umegoma: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya watu wanaofanya kazi na wagonjwa, ila hata asiye daktari atakielewa. Jina, umri kamili na chochote kinachoweza kumtambulisha mhusika vimetolewa au vimebadilishwa.

## Mgonjwa mwenyewe

Tumwite Bi. Z. Anakaribia miaka 60, hedhi ilishakata kitambo, ana presha inayotulia kwa kidonge kimoja, hana kisukari, havuti sigara, ngazi anapanda mwenyewe bila kupumzika njiani. Moyo haujawahi kumsumbua hata siku moja. Alikuwa na mwanaume mmoja kwa karibu miaka 20, na hawakuwa watu wa kugombana, wale ambao ukiwaona unasema hawa washazeeka pamoja hakuna tena cha kuwatenganisha.

Jioni moja jamaa akamtumia meseji. Ndefu kiasi, imejaa samahani, lakini ukiikamua inasema kitu kimoja tu, kwamba ameshahama, ana mtu mwingine, asitafutwe. Bi. Z akapiga simu, haipokelewi, akapiga tena, kumbe kashablokiwa. Anasimulia kwamba alibaki amesimama na simu mkononi, na kabla hata machozi hayajatoka kifua kikambana katikati, maumivu yakapanda mpaka kwenye taya, jasho la baridi likamtoka, akaanza kuhema. Akakaa chini akijua yatapita. Hayakupita.

## Usiku wa kwanza

Mdogo wake alimpeleka kituo cha afya cha karibu, na pale getini tu ameshawaeleza kwamba dada kaachwa leo. Nadhani sentensi hiyo ndo iliyoharibu kila kitu kilichofuata. Presha ilikuwa 152/94, mapigo 118 kwa dakika, na aliyempokea akaona mwanamke analia, anatetemeka, anahema haraka, akaandika mshtuko wa mawazo pamoja na asidi ya tumbo. Akapewa dawa ya tumbo na vidonge vya usingizi, akaambiwa akapumzike nyumbani, haya mambo yanapita. Kipimo cha umeme wa moyo hakikufanyika, japo mashine ilikuwepo chumba cha pili.

Alilala kwa sababu ya vile vidonge. Alipoamka hawezi kulala chali, akilala anahisi anazama, lazima aegemee mito mitatu. Mchana hali ikazidi ndo wakaja hospitali kubwa, hapo ni karibu saa 18 tangu ile meseji.

## Hospitalini

Alifika presha 108/70, mapigo 114, oksijeni asilimia 90, mapafu yanaunguruma chini pande zote mbili. Mwenyewe ndo kwanza anajitetea, "Daktari, mi sina ugonjwa wa moyo, mi nimeachwa tu."

Safari hii kipimo cha umeme wa moyo kilifanyika ndani ya dakika kumi, na mistari ya ST, kipande kinachofuata pigo lenyewe kwenye karatasi, ilikuwa imepanda kwenye nyaya za kifuani V2 mpaka V5. Kwa mtu yeyote aliyesoma hiyo karatasi ni shambulio la moyo la upande wa mbele, yaani mshipa mkubwa unaolisha moyo umeziba. Troponini, ile protini inayovuja seli za moyo zikiumia, ilikuwa imepanda pia, ila kwa kiasi. Kwa karatasi mbaya namna ile na muda uliopita tulitegemea iwe juu zaidi. Akapewa aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, nitrogliserini kwa ajili ya maumivu, na sindano ya kukojoza maji yaliyojaa kwenye mapafu. Kumbukeni hizo mbili za mwisho, nitazirudia.

## Uamuzi wa kwanza: kuangalia mishipa au kuamini stori

Hapa timu iligawanyika kidogo. Mmoja wetu, na ni mtu anayejua kazi yake, alisema hii ni takotsubo, tusimsumbue mama wa watu. Takotsubo ndo jina la kitaalamu la huu ugonjwa, madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990 wakaupa jina la mtungi wao wa kunasia pweza, shingo nyembamba na tumbo pana, kwa sababu chemba ya kushoto ya moyo inavimba hivyo hivyo. Na hoja yake ilikuwa na uzito. Kuna alama zinaitwa InterTAK zinazojumlisha mpaka 100, kuwa mwanamke tu unapata 25, mshtuko wa kihisia 24, kutokuwa na ST iliyoshuka 12, na kadhalika. Bi. Z alikuwa amekusanya 61 bila hata kupimwa kitu kingine.

Lakini 61 ni uwezekano wa kati, sio jibu. Na hata ungekuwa mkubwa, mtu ambaye ST imepanda anapelekwa kwenye anjiografia, picha ya mishipa ya moyo, basi. Sababu ni rahisi, hasira na majonzi vinaweza pia kupasua utando wa mafuta ndani ya mshipa uliokuwa unasubiri tu, na hilo ni shambulio la moyo la kawaida kabisa ambalo lina dakika za kuokolewa. Stori ya kuachwa inafaa magonjwa yote mawili. Ukiamini stori ukakosea, misuli ya moyo inakufa wakati wewe unamfariji. Ukiangalia mishipa ukakuta safi, umepoteza muda kidogo na umemchoma kwenye kifundo cha mkono.

Akapelekwa. Mishipa mitatu yote ilikuwa wazi, kulikuwa na unene kidogo tu kwenye ukuta ambao kwa umri wake haushangazi. Kisha dawa ya picha ikapulizwa ndani ya chemba ya kushoto na hapo kila mtu mle ndani akanyamaza akiangalia skrini. Sehemu ya juu ya chemba, karibu na mlango wa kutokea damu, ilikuwa inajibana kwa nguvu kupita kiasi, halafu kuanzia katikati mpaka kwenye ncha hakuna kinachosogea, imetuna tu. Kiasi cha damu kinachosukumwa kila pigo kilikuwa asilimia 33, kawaida ni 55 na kuendelea. Na eneo lililogoma lilikuwa pana kuliko eneo la mshipa wowote mmoja, ambayo ndo dalili kubwa kwamba tatizo halikuanzia kwenye mshipa mkubwa.

## Uamuzi wa pili: presha imeshuka, unampa nini?

Kama kuna sehemu moja ya kisa hiki ya kusoma mara mbili, ni hii.

Usiku ule, akiwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, presha ikateremka mpaka 78/50, mikono ya baridi, mkojo umekatika. Mkono wa kila aliyefundishwa kazi unaenda kwenye dobutamini, maana moyo dhaifu plus presha ya chini unasukumwa na dawa ya kusukuma. Nesi aliyekuwa zamu ndo aliyesema subirini, nimesikiliza kifua kuna sauti ya mvumo ambayo mchana haikuwepo. Ikaletwa kitandani mashine ya eko, ile ya kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Picha ilionesha hivi. Ile sehemu ya juu inayojibana kupita kiasi ilikuwa imebana njia ya damu kutoka kwenye moyo, na damu inavyopita kwa kasi pale ilikuwa inavuta jani la vali ya mitrali kuelekea mlangoni, jani linaziba njia na huku nyuma vali inavujisha. Tofauti ya presha kati ya ndani ya chemba na nje ya mlango ilikuwa milimita 64 za zebaki. Kwa hiyo presha haikuwa imeshuka kwa sababu ya udhaifu wa ncha peke yake, mlango wenyewe ulikuwa umebanwa. Sasa dobutamini ingefanya nini? Ingeongeza mbano pale pale. Isitoshe ugonjwa wenyewe umeletwa na mafuriko ya homoni za familia ya adrenalini, na dobutamini ni ndugu yao.

Na hapo ndo zile dawa mbili za mwanzo zinarudi. Nitrogliserini inalegeza mishipa, dawa ya kukojoza inapunguza maji, zote zinaifanya chemba ipate damu kidogo, na chemba iliyopungukiwa damu inabana mlango wake zaidi. Wakati zinatolewa zilikuwa na mantiki, mapafu yamejaa na mtu anakosa hewa, hakuna aliyejua bado kuhusu mlango. Ila tulipojua zikasimamishwa palepale.

Badala yake alipewa dripu ya chumvi mililita 250 taratibu, kifua kinasikilizwa kila baada ya muda kwa sababu mapafu bado yana maji na unaweza kumzamisha, kisha dozi ndogo ya beta-bloka, dawa ya kutuliza mapigo, ya aina inayofanya kazi kwa muda mfupi, ambayo ukiona inaharibu unaizima na baada ya dakika chache imeisha mwilini. Kumpa mtu mwenye presha 78 dawa ambayo kila kitabu kinasema inashusha presha kunataka roho ngumu, sitadanganya, na bila ile picha ya eko isingekuwa ushujaa, ingekuwa uzembe. Mapigo yalitoka 120 yakaja 92, chemba ikapata muda wa kujaa, mvumo ukapungua, na kabla ya alfajiri presha ilikuwa 98/62 na mkojo umeanza kutoka. Kama isingekubali, mpango uliofuata ulikuwa dawa ya kubana mishipa ya pembeni isiyosukuma moyo wenyewe, na baada ya hapo mashine za kusaidia moyo.

## Siku zilizofuata

Siku ya tatu alikuwa anaonekana mzima na ndo siku watu wanajisahau. Karatasi ya umeme wa moyo ilikuwa imebadilika, ST imeshuka lakini mawimbi ya T yamegeuka chini, makubwa, na kipimo cha QT kilichorekebishwa, yaani muda ambao umeme wa moyo unachukua kwa kila pigo mpaka utulie, kimefika milisekunde 524. Hiyo ni tabia ya ugonjwa huu, QT hurefuka zaidi siku ya pili mpaka ya tatu, na QT ndefu ndo mlango wa mapigo ya hovyo yanayoweza kumuua mtu ghafla akiwa kitandani anaongea na ndugu zake. Siku hiyo hiyo alikuwa na kichefuchefu na kulikuwa na ondansetroni tayari imeandikwa, na mtu mwingine amependekeza aanzishiwe esitalopramu kwa sababu mama ana huzuni. Zote mbili zinarefusha QT. Zikaondolewa, potasiamu na magnesiamu vikapandishwa, akabaki kwenye monita.

Kwa huzuni yenyewe alipata mtu wa kuongea naye, na aliulizwa waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru tangu ile jioni. Alisema usiku wa kwanza alitamani asiamke. Hilo halikuwa limeandikwa popote kwenye faili, kwa sababu hakuna aliyeuliza, na kumbuka usiku huo ndo alirudishwa nyumbani na vidonge vya usingizi mkononi.

Siku ya tano ncha ilikuwa imeanza kusogea, asilimia 44, hakuna damu iliyoganda ndani ya chemba. Hilo la kuganda linatafutwa makusudi, maana damu ikituama kwenye eneo lisilosogea inaweza kutengeneza donge likaenda kichwani. Baada ya wiki moja akaruhusiwa, na wiki ya sita eko ilionesha asilimia 61, njia ya kutokea damu iko wazi, vali haivuji.

## Ilikuwaje moyo ukagoma

Watu wengi wanaelewa kwamba huzuni "inaingia moyoni", ila utaratibu wake bado unachimbwa. Kilicho wazi ni mafuriko ya adrenalini na ndugu zake. Mwaka 2005 madaktari wa Johns Hopkins huko Marekani walipima damu za wagonjwa waliopata hali hii baada ya mshtuko wa kihisia, wakakuta homoni hizo zimepanda mara mbili mpaka tatu kuliko kwa watu waliolazwa na shambulio la moyo kali. Fikiria, mwenye mshipa ulioziba na mapafu yamejaa maji ana adrenalini ndogo kuliko aliyepokea habari mbaya.

Kwa nini ncha ndo inagoma na sio moyo wote? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kwenye ncha kuna vipokezi vingi zaidi vya adrenalini, na ikizidi sana vipokezi hivyo vinageuza ujumbe, badala ya kusema piga kwa nguvu vinasema tulia. Huenda ni moyo unajikinga usiungue, na ndo maana seli nyingi hazifi na moyo unarudi. Mishipa midogo sana, ambayo anjiografia haiioni, nayo inajibana. Wagonjwa karibu tisa kati ya kumi ni wanawake na wengi hedhi imekata, inadhaniwa estrojeni ilikuwa inawakinga na sasa haipo. Lakini mwanaume anapata, kijana anapata, na wanaume mara nyingi wanaanguka baada ya mshtuko wa mwili, kama upasuaji au maambukizi makali, na hali zao huwa mbaya zaidi.

Niweke na hili, wengi walioachwa wanaumwa kifua. Kukosa usingizi, chakula kisichopita kooni, mapigo ya kwenda mbio, kifua kuuma ukikumbuka, hayo ni ya mwili ulio kwenye mshtuko na wengi mno hawana takotsubo. Shida ni kwamba ukiwa nyumbani huwezi kutofautisha. Maumivu yanayodumu zaidi ya dakika kumi na tano, kukosa pumzi, jasho la baridi, kuzimia au kutaka kuzimia, hayo yanapimwa, na kipimo cha kwanza hakizidi dakika tano.

## Nini kilifanya kazi, nini kilishindikana

Kilichoshindikana ni usiku wa kwanza, na sikubali utetezi kwamba dalili zilichanganya. Mwanamke wa umri ule, ana presha, kifua kinauma mpaka kwenye taya na jasho linamtoka, angekuja bila stori ya mapenzi angefanyiwa kipimo kabla hajakaa. Stori ndo iliyomnyima. Huu ugonjwa unachukuliwa kama mchezo kwa sababu moyo unapona, ila vifo vya hospitalini viko karibu na asilimia 4 mpaka 5, ambayo ni jirani kabisa na shambulio la moyo la kawaida.

Kilichofanya kazi ni kwamba kila hatua kubwa ilifuata picha. Mishipa iliangaliwa kabla ya kusema haijaziba, mlango uliangaliwa kabla ya kusukuma moyo. Na nesi alisikiliza kifua mara ya pili. Ningeongeza kwamba eko ya kwanza ingefanyika mapema zaidi, pale mapokezi, kabla ya nitrogliserini, labda usiku ule usingekuwa mgumu hivyo.

Kuna yasiyo na jibu zuri. Aliruhusiwa na dawa ya kundi la ramiprili na beta-bloka, na kwa beta-bloka tulibishana, kwa sababu hakuna ushahidi mzuri kwamba inazuia ugonjwa kurudi na wagonjwa wengi walikuwa tayari wanaitumia siku waliyoanguka. Tulimpa kwa ajili ya presha na mapigo, na tukamwambia hivyo hivyo bila kumdanganya. Alipouliza "nikikutana naye itajirudia?" aliambiwa kwamba kwa mwaka ni kama mtu mmoja au wawili kati ya mia, na mara nyingi kinachoirudisha sio kile kile cha mwanzo. Miezi mitatu baadaye eko ni safi lakini ngazi bado zinamchosha, na hilo sio kujiendekeza, limeonekana kwa wengi wenye historia hii hata picha zao zikiwa nzuri.

Anatembea na barua kwenye pochi. Imeandikwa jina la ugonjwa, kwamba mlango wa kutokea damu uliwahi kubanwa hivyo nitrogliserini, dawa za kukojoza na dobutamini visitolewe kabla ya eko, na kwamba akija tena na maumivu ya kifua mishipa iangaliwe upya kama vile ni mara ya kwanza.